Mzigo Uliorudi: Kwa Nini Mauzo ya Awali Hayafutwi

Marejesho ya mauzo ni bidhaa ambazo mteja alishauziwa, kisha akazirudisha kwa muuzaji. Marejesho ya manunuzi ni bidhaa ambazo mfanyabiashara alishazinunua, kisha yeye mwenyewe akazirudisha kwa aliyemuuzia. Mara nyingi ni mzigo uleule mmoja. Mwenye duka akipakia ndoo mbovu za rangi kuzirudisha kwa muuzaji wa jumla, kwake hayo ni marejesho ya manunuzi, na zikishushwa kwa yule wa jumla, zinakuwa marejesho ya mauzo. Baadhi ya vitabu vya uhasibu huyaita marejesho ya ndani na marejesho ya nje, kwa kuangalia kama mzigo unaingia stoo au unatoka.

Sababu za mzigo kurudi ni zilezile kila soko: bidhaa ina kasoro, imevunjika njiani, si aina iliyoagizwa, imezidi idadi, au imefika msimu umekwisha. Risiti nyingi madukani hugongwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, lakini onyo hilo huwahusu zaidi wateja wa kaunta. Katika biashara ya jumla mzigo hurudi kila wiki, na mfanyabiashara anayekataa katakata kuupokea hubaki bila wateja. Swali la kihasibu, basi, ni namna ya kuandika mzigo uliorudi.

Jibu linalomjia haraka mtu asiyesomea hesabu ni kurudi kwenye daftari la mauzo na kurekebisha. Kama ndoo 40 ziliuzwa na 6 zimerudi, ifutwe 40, iandikwe 34. Hesabu itatoka sawa, karatasi itakuwa moja, na kazi itaisha kwa dakika mbili. Uhasibu unakataza njia hiyo, na mfano mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua unaonyesha sababu.

Tuseme kuna duka la jumla la rangi Kariakoo, Dar es Salaam. Linanunua rangi kiwandani kwa shilingi 60,000 kwa ndoo ya lita 20 na kuiuza kwa shilingi 75,000, bei zote mbili zikiwa kabla ya kodi. Tarehe 27 Machi linauza ndoo 40 kwa mkopo kwa duka la vifaa vya ujenzi la Morogoro. Ankara inaandikwa shilingi 3,000,000, mzigo unapakiwa na kusafirishwa. Katika leja ya muuzaji, akaunti ya mteja wa Morogoro inaandikwa debiti 3,000,000, maana sasa anadaiwa, na akaunti ya mauzo inaandikwa krediti kiasi hichohicho. Kwenye vitabu vya Morogoro tukio hilo linaonekana kinyume chake: manunuzi yanaongezeka kwa 3,000,000 na deni kwa muuzaji wa Dar es Salaam linaongezeka vilevile.

Tarehe 4 Aprili ndoo 6 zinarudi. Nne rangi yake imeganda mabonge na haikorogeki, kasoro ya kiwandani. Mbili ni nzima kabisa, ila zilipakiwa za rangi ya maziwa badala ya nyeupe, kosa la mtu wa stoo. Kwa bei ya kuuzia, ndoo hizo 6 ni shilingi 450,000.

Mwenye duka wa Morogoro haandiki tu ujumbe wa simu. Anaandaa debiti noti, yaani karatasi inayomwarifu muuzaji kwamba akaunti yake imepunguzwa shilingi 450,000, na kutaja namba ya ankara, idadi ya ndoo na sababu ya kila moja kurudi. Mzigo ukifika Kariakoo, mtu wa stoo anazihesabu ndoo, anakagua hali zake na kusaini hati ya kupokelea. Hapo ndipo muuzaji, baada ya kuridhika, anatoa krediti noti ya shilingi 450,000, ambayo ndiyo kauli yake rasmi kwamba deni limepungua. Debiti noti ni madai ya mnunuzi, na krediti noti ni ridhaa ya muuzaji. Kati ya hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa, na katika kipindi hicho vitabu vya pande mbili havitalingana. Hilo ni jambo la kawaida, mradi kila upande uwe na karatasi inayoeleza tofauti ilipo.

Kwa krediti noti hiyo, muuzaji anaandika 450,000 upande wa debiti wa akaunti iitwayo Marejesho ya Mauzo, na 450,000 upande wa krediti wa akaunti ya mteja wa Morogoro. Deni la mteja linashuka hadi 2,550,000. Akaunti ya mauzo haiguswi. Bado inasema kwamba tarehe 27 Machi ziliuzwa ndoo 40 kwa shilingi 3,000,000, jambo ambalo ni kweli. Morogoro nako deni kwa muuzaji linaandikwa debiti 450,000, na akaunti ya Marejesho ya Manunuzi inaandikwa krediti 450,000. Akaunti ya manunuzi nayo inabaki ilivyokuwa.

Akaunti ya Marejesho ya Mauzo ina tabia inayowababaisha wanaoanza. Ni akaunti ya upande wa mapato, lakini salio lake huwa la debiti, kwa hiyo kwenye urari inakaa safu moja na manunuzi na gharama. Wengi wakiiona hapo huiingiza kwenye orodha ya gharama za uendeshaji pamoja na kodi ya pango na umeme. Faida ya mwisho haitabadilika kwa kosa hilo, lakini mauzo yataonekana makubwa kuliko yalivyo, na faida ghafi itatoka ya uongo. Mahali pake sahihi ni chini ya mauzo moja kwa moja: mauzo, toa marejesho, baki mauzo halisi. Marejesho ya manunuzi vivyo hivyo hutolewa kwenye manunuzi kabla ya kupata gharama ya bidhaa zilizouzwa.

Mzigo wenyewe bado una safari yake. Ndoo mbili nzima zinarudi kwenye rafu na kuhesabiwa tena kama bidhaa za kuuza, kwa thamani ya shilingi 120,000, bei iliyonunuliwa. Ndoo nne mbovu zinatengwa kwenye kona ya stoo zikisubiri kurudishwa kiwandani. Tarehe 28 Aprili duka linatuma debiti noti kiwandani ya shilingi 240,000, yaani ndoo 4 kwa 60,000, na kuandika krediti kiasi hicho kwenye akaunti yake ya Marejesho ya Manunuzi. Muuzaji huyu sasa ana akaunti zote mbili: moja kwa mzigo aliorudishiwa, nyingine kwa mzigo anaourudisha.

Kishawishi cha pili huzaliwa hapo, nacho kimejificha kuliko cha kwanza. Kwa kuwa ndoo nne ni zilezile, kwa nini zisiwekwe kwenye akaunti moja ya marejesho, zikiingia upande huu na kutoka upande ule? Shida ni kwamba akaunti hizo mbili hazizungumzi kwa bei moja. Ndoo zilizorudishwa na mteja zimeandikwa kwa bei ya kuuzia, 75,000 kila moja, na zinazorudi kiwandani zimeandikwa kwa bei ya kununulia, 60,000. Zikikutanishwa, ndoo nne zitaacha salio la shilingi 60,000 ambalo halimaanishi hasara, wala deni, wala thamani ya kitu chochote stoo. Ni faida iliyokuwa imetarajiwa kwenye ndoo hizo na ambayo sasa haipo, imechanganywa na madai dhidi ya kiwanda. Hakuna mtu atakayeweza kuisoma. Tena marejesho ya aina moja hupimwa dhidi ya mauzo na ya aina nyingine dhidi ya manunuzi, kwa hiyo jumla yao haina cha kupimwa nacho.

Kuhusu sababu za kutofuta mauzo ya awali, iliyo nyepesi kueleweka ni kwamba hayo ni matukio mawili ya siku mbili. Mauzo yalitokea Machi na marejesho yalitokea Aprili. Ankara ya Machi ipo Morogoro, ikiwa na idadi ya ndoo 40 na sahihi ya aliyepokea. Muuzaji akiibadilisha nakala yake kuwa ndoo 34, dunia inabaki na ankara mbili zenye namba moja na jumla tofauti. Siku mteja atakapolipa kwa kutaja namba ya ankara, au mkaguzi atakapolinganisha pande mbili, hakuna atakayeweza kusema kwa ushahidi ipi ni ya kweli. Mtaliano Luca Pacioli, ambaye kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venisi mwaka 1494 ndicho cha kwanza kuchapishwa kikiwa na maelezo ya kina ya uwekaji hesabu wa pande mbili, alikwisha kueleza kwamba andiko lililoingia pasipostahili husawazishwa kwa andiko jingine la upande wa pili. Kanuni hiyo haijabadilika tangu enzi za kalamu ya unyoya, na programu za leo zimeifuata.

Sababu inayofuata ni usalama wa fedha, na ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi dukani. Pale ambapo ni ruhusa kupunguza mauzo yaliyokwisha kuandikwa, mtu wa kaunta anaweza kupokea fedha, kumpa mteja mzigo, kisha jioni akashusha kiasi cha mauzo na kutia tofauti mfukoni. Daftari litalingana na fedha zilizomo kwenye droo, na mwenye duka atalala usingizi mzuri. Upungufu utajitokeza miezi kadhaa baadaye kwenye hesabu ya stoo, tena bila jina la mtu wala tarehe.

Akaunti tofauti haizuii wizi huo moja kwa moja, lakini inamlazimisha mwizi kuacha alama. Ili kupunguza deni la mteja au kurudisha fedha taslimu, lazima iwepo krediti noti yenye namba inayofuatana, iliyoidhinishwa na mtu asiye yule aliyeuza, na iliyoambatana na hati ya stoo inayoonyesha mzigo umeingia kweli. Krediti noti isiyo na hati ya stoo ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Namba ikirukwa, yaani ipo 031 na 033 lakini 032 haionekani, kuna la kuuliza. Mhasibu anayekagua duka dogo anaweza kuanza na jambo moja tu: kuchukua krediti noti zote za mwezi, kwenda nazo stoo, na kutafuta kila ndoo au katoni iliyotajwa ilikokwenda. Marejesho ya fedha taslimu ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu hapo fedha hutoka dukani mara moja, na mteja aliyerudishiwa mara nyingi hana jina.

Upo pia udanganyifu unaofanywa na wenye biashara wenyewe. Biashara inayotaka kuonekana kubwa mbele ya benki inaweza kusukuma mzigo mwingi kwa wateja mwishoni mwa Desemba, kwa makubaliano ya pembeni kwamba utarudishwa Januari. Mauzo ya mwaka yanapanda, mkopo unapatikana, na mzigo unarudi. Kama marejesho yangekuwa yanaandikwa kwa kupunguza ankara za nyuma, hila hiyo ingeyeyuka bila kuonekana. Kwa kuwa yana akaunti yake yenye tarehe, wimbi la marejesho ya Januari linasimama wazi, na ndiyo maana wakaguzi hupitia krediti noti za wiki za kwanza za mwaka mpya kabla ya kukubali mauzo ya mwaka uliopita.

Kwenye kodi, suala hili si la hiari tena. Tanzania Bara hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, hivyo ankara ya Machi ya shilingi 3,000,000 ilikuwa kwa kweli shilingi 3,540,000, ndani yake 540,000 zikiwa kodi. Ndoo 6 zilizorudi zilibeba kodi ya shilingi 81,000. Muuzaji akitoa krediti noti kamili, deni la mteja hupungua kwa 531,000: marejesho ya mauzo yanaandikwa debiti 450,000, na akaunti ya kodi inayodaiwa na TRA inaandikwa debiti 81,000. Mteja naye akiwa amesajiliwa kwa kodi hiyo, anapaswa kupunguza kodi aliyokuwa ameidai kwenye manunuzi yake kwa 81,000 hizohizo. Serikali haipotezi wala kuongeza chochote, ilimradi pande zote mbili zinatumia karatasi moja.

Tarehe nazo zina la kusema. Ritani ya Machi huwasilishwa ifikapo tarehe 20 Aprili, na mzigo ulirudi tarehe 4 Aprili. Ritani haijapelekwa bado, kwa hiyo mwenye duka anaona kana kwamba kuna nafasi nzuri ya kurekebisha Machi kimyakimya. Lakini mauzo ya Machi yalikwishatolewa risiti ya mashine ya EFD, na taarifa zake zilikwishafika TRA. Mashine hizo, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, hazikutengenezwa ili mtu arudi nyuma na kufuta. Marekebisho yanaingia kwenye kipindi ambacho tukio lililoyasababisha limetokea, yaani Aprili. Kenya inafuata njia hiyohiyo chini ya mfumo wa eTIMS, ambako krediti noti hutajwa pamoja na namba ya ankara ya awali, na sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2013 iliweka ukomo wa miezi sita tangu ankara itolewe. Baada ya hapo mfanyabiashara anaweza kukubali mzigo urudi kwa hiari yake, lakini kodi aliyolipa hairudi kwa njia hiyo.

Sababu ya mwisho haihusu wizi wala kodi. Inahusu kuijua biashara. Tuseme duka la Kariakoo liliuza shilingi 16,500,000 mwezi Machi na kurudishiwa mzigo wa shilingi 330,000. Aprili liliuza 18,000,000 na kurudishiwa 1,260,000. Kama mauzo yangekuwa yanapunguzwa moja kwa moja, mwenye duka angeona namba mbili tu: 16,170,000 na 16,740,000. Angefurahi kwamba biashara imekua kwa shilingi 570,000. Akaunti zikitenganishwa anaona jambo jingine kabisa. Mauzo yamepanda kwa milioni moja na nusu, lakini marejesho yametoka asilimia 2 ya mauzo hadi asilimia 7, karibu mara nne kwa fedha. Namba ya kwanza inamtaka aongeze oda kiwandani. Ya pili inamtaka apige simu kiwandani kuuliza kulikoni na rangi inayoganda.

Asilimia hiyo isomwe kwa uangalifu. Marejesho ya Aprili, kama ndoo 6 za Morogoro, huenda yanatokana na mauzo ya Machi, kwa hiyo mwezi mmoja pekee unaweza kudanganya. Robo mwaka ni kipimo kizuri zaidi. Na jumla peke yake haitoshi, kwa kuwa ndoo nne zilirudi kwa kosa la kiwanda na mbili kwa kosa la stoo, na dawa za makosa hayo hazifanani. Ndiyo sababu krediti noti nzuri huwa na nafasi ya kuandika sababu, na daftari la marejesho huwa na safu yake. Duka lililogundua kwamba nusu ya marejesho yake ni mzigo uliopakiwa vibaya halina haja ya kubadilisha kiwanda. Linahitaji mtu wa pili wa kukagua kabla gari halijaondoka.

Kwa haki, ni lazima kusemwa kwamba faida ya mwisho ni ileile kwa njia zote mbili. Kutoa 450,000 kwenye ankara ya zamani au kuiandika kwenye akaunti ya pembeni kunaacha faida hiyohiyo ya mwaka, kama matukio yote yapo ndani ya mwaka mmoja. Anayebisha kwamba kazi imeongezeka bure ana hoja hiyo mkononi. Kilichopotea kwenye njia fupi ni historia, na historia hiyo haiwezi kukokotolewa tena kutoka kwenye namba iliyobaki. Kutoka 16,740,000 hakuna hesabu itakayomrudisha mtu kwenye 18,000,000 na 1,260,000.

Makosa mengi ya marejesho hayafanyiki kwenye leja. Hufanyika stoo, hasa mwisho wa kipindi. Ndoo nne mbovu ni mfano mzuri. Debiti noti ya kiwanda iliandikwa tarehe 28 Aprili, na tangu siku hiyo vitabu vinasema ndoo hizo si mali ya duka tena, bali kiwanda kimepunguziwa deni la 240,000. Gari la kiwanda linakuja kuzichukua tarehe 5 Mei. Hesabu ya stoo inafanyika tarehe 30 Aprili, ndoo zipo kwenye kona, na anayehesabu anaziandika. Sasa thamani ya shilingi 240,000 imehesabiwa mara mbili, mara moja kama madai kwa kiwanda na mara ya pili kama bidhaa, na faida ya Aprili imevimba kwa kiasi hicho. Kosa la kinyume nalo lipo: mzigo wa mteja umeshashushwa, krediti noti imeshatolewa, lakini kwa kuwa umetengwa nyuma ya mlango haukuhesabiwa. Hapo faida inapungua bila sababu. Dalili ya makosa haya ni faida ghafi inayopanda mwezi mmoja na kushuka unaofuata wakati bei hazijabadilika. Kinga yake haina gharama: mzigo unaosubiri kuondoka uwekwe alama ya karatasi yenye namba ya debiti noti, na anayehesabu aambiwe asiuguse.

Kiwanda kikikataa kuzipokea ndoo nne, debiti noti inafutwa kwa andiko la kinyume na shilingi 240,000 zinakuwa hasara ya bidhaa zilizoharibika. Haziwi marejesho ya mauzo, kwa sababu upande wa mteja ulikwishamalizika tangu tarehe 4 Aprili.

Si kila kitu kinachorudi dukani kinastahili akaunti hizi. Kreti na chupa tupu za soda zilizowekewa dhamana hazikuuzwa, kwa hiyo zikirudi ni dhamana inayorudishwa. Mteja anayekubali kubaki na ndoo yenye mkunjo kwa kupunguziwa shilingi 5,000 hajarudisha chochote. Hilo ni punguzo la kasoro, na ingawa maduka mengi huliandika pamoja na marejesho, ni vizuri zaidi likitengwa, maana hakuna mzigo wa kutafutwa stoo. Mzani ulionunuliwa kwa matumizi ya duka na kurudishwa kwa aliyeuuza hauingii kwenye marejesho ya manunuzi, kwa kuwa haukuwahi kuwa bidhaa ya kuuza. Hupunguzwa kwenye akaunti ya vifaa.

La kuangaliwa zaidi Afrika Mashariki ni mali kauli, pale ambapo mchuuzi anachukua mzigo kwa ahadi kwamba atalipia alichouza na kurudisha kilichobaki. Kwa makubaliano ya namna hiyo mauzo hayajatokea mzigo unapotoka dukani, bali yanatokea mchuuzi anapouza. Kinachorudi jioni ni bidhaa ya duka iliyokuwa imetembezwa. Mwenye duka anayeandika mzigo wote kama mauzo asubuhi na sehemu kubwa kama marejesho jioni atajikuta na asilimia ya marejesho ya kutisha isiyo na maana yoyote.

Kwa upande wa kampuni kubwa, kungoja mzigo urudi hakutoshi. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, kupitia kiwango cha IFRS 15 kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, vinataka kampuni inayowapa wateja haki ya kurudisha ikadirie mapema. Ikiuza vipande 1,000 na uzoefu wake ukionyesha vipande 30 hurudi, inatambua mapato ya vipande 970 tu, inaweka deni la fedha itakazorudisha kwa vile 30, na inaweka mali inayotarajia kuipokea. Hata hapo ankara za wateja hazibadilishwi. Makadirio yanafanywa juu ya jumla, na kila mzigo ukirudi bado una krediti noti yake.

Programu nyingi za hesabu zinazofuatilia stoo papo hapo hazina akaunti ya marejesho ya manunuzi. Hupunguza moja kwa moja thamani ya bidhaa. Hilo linakubalika, kwa sababu programu hutunza orodha ya kila debiti noti na inaweza kuitoa wakati wowote. Lisilokubalika ni kitufe cha Delete juu ya ankara iliyokwishapelekwa kwa mteja, na mwenye biashara mwenye wafanyakazi anapaswa kukifunga kwa nywila siku programu inapowekwa.

Mwisho wa mwaka akaunti zote mbili hufungwa. Salio la marejesho ya mauzo hukatwa kwenye mauzo, la marejesho ya manunuzi hukatwa kwenye manunuzi, na zote mbili huanza mwaka mpya zikiwa sifuri. Krediti noti na debiti noti zenyewe hazitupwi: Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za aina hiyo zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 5.